Kopo la Nyuma

Mume wangu alihamishiwa Ruangwa kufundisha, mimi nikabaki Nachingwea nahesabu nati. Karakana ilikuwa ya mjomba wangu. Tulitengeneza pikipiki na mashine za kupulizia dawa mikorosho. Tangu mkewe afariki, mjomba hakuamini hesabu ya mtu yeyote ila yangu. Kila alasiri nilimwaga skrubu, bolti na nati kwenye sinia, nikahesabu, nikarudisha. Kesho yake zimepungua, naanza upya. Nilichoka mpaka roho.

"Siku tukijua kinachoisha bila kuhesabu," alisema, "utamfuata mumeo."

Basi nikatafuta njia. Kila saizi nikaipa makopo mawili, moja mbele, moja nyuma. Mafundi wachukue la mbele tu. Likiisha, walitundike kwenye msumari wa mlangoni, wavute la nyuma. Mjomba akiliona linaning'inia, anaagiza Masasi. La nyuma nililitia za kutosha mpaka mzigo ufike, na ziada kidogo kama gari litachelewa. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Msimu wa kupulizia, mkulima wa Mnero akaleta mashine iliyolegea. Nati za spana namba kumi hazikutosha. Msumarini hakuna kopo. La mbele lina nati moja, la nyuma nalo moja, na makopo mengine hali ni hiyo hiyo.

"Sasa nani amalize?" fundi mkubwa aliniuliza, kama nimemtuma akombe sufuria ya watu. "Chungu hakiachwi kitupu, dada. Anayekuja nyuma atakuta nini?"

Adabu ya jikoni wameileta kwenye nati! Nilitaka kulia. Mjomba akanisogezea sinia.

Sikushindana na adabu yao. Akiba ya nyuma nikaitia kwenye mfuko, nikaufunga kwa kamba yenye kipande cha boksi kilichoandikwa saizi. Anayefungua mfuko anatundika kipande msumarini, basi. Iliyobaki mbele na ibaki. Mzigo ukifika, tunajaza kwanza mfuko wa akiba na kuufunga, zinazozidi zinakwenda mbele. Msimu ukaisha hatujakwama tena, na sinia likashika vumbi.

Gari la Ruangwa lilikuwa la asubuhi. Begi langu lipo mlangoni, mjomba akatokea na sinia limejaa skrubu, bolti na nati za kila saizi, zimechanganyika.

"Zimemwagika," alisema. "Tuhesabu kidogo, mwanangu."

Nikatazama rafu. Mifuko yote ya akiba ilikuwa mitupu, kamba zimefunguliwa fundo kwa fundo. Vipande vya boksi vyote vilikuwa vimetundikwa msumarini, kama nilivyowafundisha.

Hakunitazama. Alivuta kigoda changu, akakipangusa kwa kofia yake, yeye akakaa upande wa pili wa sinia. Barabarani kondakta alikuwa akiita Ruangwa. Nikakaa, nikaanza na zile ndogo.