Valvu Moja, Majina Matatu

Mwalimu wangu wa sekondari alinifundisha kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha. Kwa hiyo, nilipotafsiri miongozo ya Kiitaliano ya mradi wa maji, valvu ile ile niliiita valvu, koki na kizuizi, nikajiona bingwa. Mama niliyefanya naye kazi ofisini Chechelesi alikuwa na faharasa yake: neno moja, tafsiri moja. Niliiona kazi ya wavivu.

Kisha mafundi wa Kipsing wakapiga simu. Walikuwa wamefungua valvu, lakini mwongozo uliwataka wafungue pia kizuizi, nao hawakukiona, wakaogopa kuwasha pampu. Ng'ombe walikuwa na siku mbili bila maji. Mama akawaambia wawashe.

Kwa aibu niliingiza “valvu” kwenye faharasa, nikatangaza kwamba mwongozo uliofuata, wa kijiji cha Gotu, uko tayari.

“Mzee, na kumbukumbu ya tafsiri kwenye kompyuta umeisafisha?” Mama akaniuliza.

“Si nimebadilisha faharasa?”

“Faharasa inashauri tu. Kumbukumbu inarudisha sentensi zako za zamani, vile ulivyozipitisha.”

Akafungua mwongozo. Kila sentensi iliyojirudia ilikuwa na neno “kizuizi”, na jina langu kama mthibitishaji. Tulizisahihisha moja moja. Gotu walingoja wiki nzima, na barua ya kuwaeleza sababu niliiandika mimi.