Methali Niliyoibandika Mwisho wa Barua

Bosi wangu hakuwa na kawaida ya kufunga mlango. Ofisi yetu ya Nyeri ilikuwa na vyumba vitatu tu, na mambo ya kila mtu yalisikika hadi jikoni. Kwa hiyo siku hiyo alipoinuka akausukuma mlango kwa mguu, nikiwa bado nimesimama na daftari mkononi, nilijua nimekwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkataba wa muda, na mama nyumbani Tetu aliyekuwa amewatangazia wanawake wote wa kanisa lake kwamba binti yake anafanya kazi kwa kompyuta.

"Hii maneno ya mwisho," akasema, akinisukumia karatasi, "ni yangu ama ni yako?"

Sikuhitaji kuiangalia. Ilikuwa barua pepe niliyoituma Jumatatu kwenye kituo chetu cha Kerugoya. Enzi hizo tuliiita imeili, na kila kituo cha mradi wetu wa ng'ombe wa maziwa kilikuwa na anwani moja tu. Mimi niliandika nikaweka barua zangu kwenye foleni, na saa nne asubuhi na saa tisa alasiri modemu ikapiga simu Nairobi, ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikapeleka na kuleta. Kule Kerugoya karani alizichapa na kuzibandika kwenye ubao, wote wasome. Hakukuwa na siri.

Barua yenyewe ilikuwa ya kumjibu afisa mmoja wa nyanjani wa Kerugoya. Mkewe alikuwa mjamzito nyumbani kwao Gakindu. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na safari hii daktari alimwambia alale kitandani, asiinue hata sufuria. Yule bwana aliomba uhamisho wa kwenda kituo cha Gakindu ili awe karibu naye. Aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara bosi aliniuliza, "Jibu ya Nairobi imekuja?" Nami nikajibu haijaja. Mara ya tatu bosi akaniambia, "Mwandikie angoje."

Nami, kwa kujiona mjuzi, nikaona neno "ngoja" ni kavu mno. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili, na sikuacha mtu asahau. Nikaipamba barua kwa methali ya subira, ile ya anayevumilia na tunda lililoiva, ambayo kila mtoto wa Kenya ameiandikia insha. Sitaiandika hapa. Tangu juma lile sijaiandika mahali popote.

"Ni yangu," nikamwambia bosi.

"Basi huyo mtu amelia Nairobi. Ati ofisi ya Nyeri imemtusi kwa ukuta, mbele ya wafanyakazi wote. Na sasa mkurugenzi anauliza hiyo kitu inamaanisha nini, na kwa nini mtu mzima akasirike juu ya methali." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ati aelezwe kwa Kiswahili rahisi, anajifunza. Mimi naenda mkutano na watu wa mifugo. Utamwandikia wewe, mwalimu wa Kiswahili. Iende na saa tisa. Na uweke tarehe zote, aone sisi hatuna makosa."

Mkurugenzi wetu alikuwa mgeni kutoka nje ya nchi, mama mmoja mpole aliyekuwa na uwezo wa kumfuta mtu kazi kwa mistari miwili. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo. Ni mimi niliyeichapa ile mistari miwili na kumpelekea dereva wetu wa zamani, na nakumbuka alivyoikunja na kuitia kwenye kofia.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Nikaandika haraka, kama mtu anayejitetea polisi. Nikasema methali hii ni ya faraja. Nikasema maana yake ni kwamba mambo mema hayaji kwa pupa, na anayestahimili shida hupata matunda yake mwishoni. Nikasema inatumika katika barua, hotuba na mahubiri, na haina tusi lolote. Yote yalikuwa kweli. Nikajisikia nafuu, nikainuka nikatafute zile tarehe.

Faili la Kerugoya lilikuwa na barua tatu za yule afisa za kuuliza na hapakuwa na jibu. Vizuri, nikajiambia. Halafu, sijui ni nini kilichonituma, labda ni ule unadhifu wangu wa kutaka kila kitu kithibitishwe, nikavuta faili la Gakindu.

Ilikuwa humo. Barua ya Nairobi yenye muhuri wetu wa kupokea, muhuri niliougonga kwa mkono wangu wiki tatu nyuma. Uhamisho umekubaliwa, mkuu wa ofisi ya Nyeri aweke sahihi, mhusika aripoti Gakindu mara moja. Nilikuwa nimeona neno "Gakindu" kwenye kichwa cha barua nikaitia kwenye faili la Gakindu, badala ya kuipeleka kwenye trei ya sahihi. Nikasahau. Wiki tatu jibu lilikuwa hatua mbili kutoka kiti changu, na mimi nikimwambia mwenye mke kitandani kwamba avumilie.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Si kuogopa kwa kupiga kelele. Jikoni kulikuwa na jiko la makaa ambalo mama wa chai alikuwa ameliacha likiwaka chini ya birika. Niliitazama ile karatasi, nikalitazama jiko. Sitajifanya mtakatifu. Nilisimama mlangoni pa jikoni na barua mkononi kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe kizima cha chai. Nairobi wangetuma nakala nyingine, nani angejua? Posta ilipoteza barua kila siku.

Kilichonirudisha si dini wala ushujaa. Ni mwalimu wangu wa Kiswahili, mzee wa pwani aliyekuja kutufundisha huku kwenye baridi akiwa amevaa makoti mawili. Siku moja msichana wa zamu ya kupakua chakula alichelewa, na tulipolalamika akatujibu kwa methali hiyohiyo, mwiko ukiwa mkononi mwake. Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia aweke mwiko chini kwanza. Kisha akatueleza kwamba maneno yale husemwa na anayengoja, akijitia moyo mwenyewe. Au na mwenzake anayengoja pamoja naye. Au humsifu aliyekwisha kufika, baada ya taabu. Mwenye kushika chakula hana ruhusa ya kumwambia mwenye njaa. Yeye kazi yake ni kupakua, na akichelewa, ni kuomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika yote hayo daftarini kwa wino wa rangi mbili, nikayapata katika mtihani, kisha nikayaacha hukohuko shuleni.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikafuta yote. Niliandika upya, polepole, kwa Kiswahili ambacho mgeni angekielewa. Nilieleza maana kama nilivyoieleza mwanzo, kwa sababu maana haikuwa na kosa. Kisha nikaendelea, na haya nayakumbuka karibu neno kwa neno:

"Lakini methali hii ina mwenyewe. Ni ya mtu anayengoja jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kuliharakisha. Anayeshikilia jambo hilo akimwambia anayengoja, inakuwa dharau, hata kama maneno ni mazuri. Afisa wetu hakukosea kukasirika. Jibu la Nairobi lilifika hapa wiki tatu zilizopita. Niliiweka barua katika faili lisilo lake. Bosi wangu hakujua. Aliyechelewesha ni mimi, na aliyemwambia avumilie ni mimi."

Nikaitia kwenye foleni. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne. Na hapo hofu ikanirudia upya, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu barua ikiwa kwenye foleni bado unaweza kuifuta. Nikamwona mama yangu akiwa kanisani. Nikaona ile kofia ya dereva. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kibodi, nikaifungua foleni, nikaanza kuitafuta barua yangu kati ya ripoti za chanjo na za maziwa. Modemu ikaanza kulia. Nilipoipata, foleni ilikuwa tupu. Hadi leo watu wakinisifia ukweli wangu wa siku hiyo, huwa nageuza mazungumzo.

Bosi aliporudi nilimkabidhi nakala na ile barua ya uhamisho. Alisoma mara mbili. Hakunifokea. Alitia sahihi, akavuta simu akapiga Kerugoya mwenyewe. Nilimwona akisikiliza, akainamisha kichwa.

"Ametoka asubuhi," akaniambia baada ya kukata. "Bibi yake ameanza kutoka damu. Wamemkimbiza hospitali hapa Nyeri."

Nikakaa chini bila kuambiwa. Mkataba wangu, mama yangu, mkurugenzi, vyote viliniondoka kichwani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kwa siku mbili nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, na kila simu ilipolia nilishindwa kuiinua. Mama wa chai ndiye aliyeniinulia. Siku ya tatu alikuja kwenye meza yangu akiwa amenyoosha mikono juu. Msichana. Amezaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga, lakini analia.

Mkurugenzi aliniandikia mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa onyo. Wa pili ulisema nitaendelea kwa mkataba wa muda, na suala la kuajiriwa kabisa litaangaliwa baadaye. Yule afisa alipita ofisini kuchukua barua yake, akiwa hajanyoa. Nilitaka kusema samahani, nikaishia kumsogezea barua.

"Siku yenye alianza kuumwa," akasema, "mimi nilikuwa nimesimama kwa ubao nasoma hiyo kitu yako. Mara ya ngapi, sijui." Akaichukua barua akatoka.

Mwaka mmoja na nusu baadaye bosi alihamishwa, na aliyeletwa kushika ofisi ya Nyeri alikuwa yule afisa. Nilipofunga mafaili yangu jioni nilikuwa nikijiuliza kila siku kama ndiyo ya mwisho. Barua yangu ya kuajiriwa ilikuwa njiani kutoka Nairobi, nilijua, na ilikuwa lazima ipitie mezani kwake. Ijumaa ikapita. Jumatatu ikapita. Nilikosa usingizi, nikakosa hamu ya kula, na sikuthubutu kuuliza. Ningeuliza kwa mdomo gani?

Jumanne aliniita. Mlango ukabaki wazi. Barua ilikuwa mbele yake, na sahihi yake bado mbichi. Nilingoja ile methali. Nilikuwa nimejiandaa kuipokea, na kwa haki yote ilikuwa zamu yake.

"Hii imekaa kwangu tangu Ijumaa," akasema. "Nilikuwa Kerugoya, nikasahau kuiangalia. Nisamehe, dada. Chukua."