Somo wa Taimi

Taimi Nangolo hajui kuita mtu polepole. Akisimama kwenye ngazi ya ofisi yetu pale bandarini Walvis Bay akatamka "Hiskia!", hata mabaharia wa meli za watu hugeuka. Mimi ndiye Hiskia, nahodha wa boti ya utafiti wa pomboo, na nimeitwa hivyo miaka mingi kiasi kwamba akinong'ona nitadhani anaumwa.

Zamani alifanya kazi kiwanda cha samaki, akipasua dagaa mpaka dagaa walipoadimika na yeye akaachishwa. Akaja kwetu kufanya usafi. Liesl Oosthuizen, mtafiti wetu mkuu, alimkuta siku moja ameacha fagio na kuvaa vipokea sauti vya masikioni, anatabasamu peke yake. Liesl hakumkemea, alivuta kiti akaanza kumfundisha. Leo Taimi ndiye mwenye maktaba ya sauti. Kila pomboo wa ghuba hii anayejulikana kwa mluzi wake, amepita masikioni mwa Taimi.

Maana pomboo hujitaja. Katika mwaka wake wa kwanza mtoto hujitungia mluzi wake, wenye kupanda na kushuka kwa namna yake, na mara nyingi huwa nao maisha yote. Akipotezana na wenzake huurudia, akitua kidogo kati ya mmoja na mwingine. Na mtu wake wa karibu, mama au rafiki wa kuogelea naye, naye huweza kuuiga wakiwa wametengana. Mwenyewe akisikia wake umepigwa, hujibu kwa huohuo. Liesl husema tunadhani ni kama jina. Taimi humkatiza: "Tunadhani, tunadhani! Mtu anaitwa anaitika, sasa wewe ulitaka nini, kitambulisho?"

Basi mwaka jana pomboo mmoja mwenye pezi lililopasuka, tunayemwita Mkwaruzo, alionekana na mtoto mwenye kovu kwenye pezi. Liesl akampa mtoto jina la Taimi. Mtu wa kusini mwa nchi angeona ni utani. Lakini Taimi ni Muovambo, mtu wa kaskazini, na kwao kupewa somo si jambo dogo: anayebeba jina lako ni wako, unamletea zawadi, unaulizia afya yake. Binti zake wawili walizaa, wakawapa watoto majina ya upande wa baba. Hakuna aliyewahi kumpa Taimi somo. Siku hiyo akampata. Kesho yake alikuja na kitenge kipya cha kubebea mtoto, akakitundika ndani ya chumba cha boti.

"Meme, pomboo habebwi mgongoni," nilimwambia, maana kwao mama huitwa Meme.

"Nani kakuuliza? Ni cha somo wangu. Ukipangusia mafuta nitakutosa."

Kitenge kiko palepale hadi leo, na sijathubutu.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya bamvua, maji yanapopwa mbali kuliko siku zote, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji. Walinzi wa hifadhi ya ndege walitupigia simu: mtoto wa pomboo amebaki ndani ya wangwa, ile tambarare ya matope kando ya ghuba. Alikuwa amefuata samaki aina ya mkizi, maji yakapwa, naye akazungukwa na matope kwenye dimbwi la mkondo. Tulipofika kwa boti yetu Taimi alimtambua kwa kovu la pezi kabla hata hatujatoa darubini.

"Ni yeye, somo wangu," alisema.

Mtoto wa umri ule bado ananyonya. Bila mama hana siku nyingi. Maji yangejaa tena mchana, njia ingefunguka, lakini nani angemwonyesha? Boti za watalii zilitangaza redioni kwamba Mkwaruzo yuko nje, kwenye maboya ya kufugia chaza, anazunguka huku na huko. Kati ya mama na mtoto ilikuwapo meli inayochimba mchanga wa bandari, ikinguruma chini ya maji kama kinu cha kusaga. Hapakuwa na mluzi wa kupita hapo.

"Tumpigie mluzi wa mama yake," Taimi alisema. "Ninao. Ni mimi niliyeutenga na sauti nyingine kwenye rekodi."

Kibali cha kuwachezea pomboo sauti tulikuwa nacho. Maji yalipoanza kuingia, Liesl alizamisha spika upande wa njia ya kutokea na Taimi akabonyeza. Mluzi ukatoka. Mtoto akageuka papo hapo, akajibu. Nikashangilia kama mjinga.

Lakini hakuja. Alikaa palepale, akajibu tena, halafu tena, na spika tulikuwa tumeshaizima. Taimi alikuwa ameinamia picha ya sauti kwenye kompyuta. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapinda mwishoni, kisha ukatua, kisha ukaja uleule.

"Anamwita mama kwa jina lake," nilisema.

"Nyamaza, Hiskia."

"Anaweza kuwa anauiga," Liesl alisema taratibu.

"Anayeiga anagusa mara moja mbili," Taimi alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Huyu anaurudia na kutua, anaurudia na kutua. Liesl, huu ni wake. Tumemwita kwa jina lake mwenyewe, anatuambia yuko hapa. Mama hatujawahi kumrekodi bila mtoto. Nilisikia mluzi mmoja wao wawili wakiwa ubavu kwa ubavu, nikampa mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Nimemnyang'anya somo wangu jina lake."

Alianza kulia. Liesl alimshika bega. "Picha ya sauti nilipitisha mimi, Meme. Sote tuliona pezi kubwa tu."

"Utanibembeleza jioni," Taimi alisema, akijifuta kwa mkono wenye matope. "Kama ni wake, basi mama ndiye wa kuusikia. Hiskia, washa!"

Tukazunguka ile meli hadi kwenye maboya. Mkwaruzo alikuwa na wenzake watatu, lakini hatulii. Taimi alicheza mluzi wa mtoto, mara moja. Yule mama aliwaacha wenzake hapohapo, akaja moja kwa moja, akapita chini ya boti, akazunguka spika. Hakumkuta mtu. Sijawahi kujisikia mwongo namna ile.

"Pole, mama," Taimi alimwambia. "Njoo, si uongo. Njoo."

Niliongoza boti polepole kuelekea mdomo wa wangwa, na Taimi alicheza mluzi kidogo kila alipomwona mama anasita. Tulipoacha mngurumo nyuma, Liesl aliinua mkono: zima. Kwenye vipokea sauti tayari ulikuwapo ule mluzi, mwembamba, wa mbali, na haukuwa wetu.

Mkwaruzo alitupita kwa kasi hadi penye kina, akasimama ukingoni mwa matope. Na hapo akapiga mluzi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutenga: mrefu, wa kushuka, wenye mruko mmoja katikati. Akaurudia. Maji yakaingia mkondoni, na kisha pezi dogo lenye kovu likaja likiteleza juu ya matope, likaingia kwenye kina, likapotelea chini ya tumbo la mama yake. Liesl alinikumbatia. Taimi hakukumbatia mtu. Alikaa na kile kitenge magotini, vipokea sauti masikioni, akisikiliza mmoja na mwingine.

Baadaye, tukirudi bandarini, Liesl alimuuliza kwa upole, "Huu wa mama tuuandike vipi, Meme? Chagua wewe."

Taimi alikunja kitenge, akakirudisha kwenye msumari wake.

"Uandike kama alivyousema," alijibu kwa sauti ya chini kabisa, nami nikamsikia vizuri. "Safari hii simpi mtu jina."