Mtungi wa Mlangoni Msimu wa Mgao

Barua ya mgao niliiandika mimi. Nafanya kazi katika kampuni ya maji ya mji, kwenye ofisi ya kuwajibu wateja, na mwaka ule mvua za vuli zilikuwa rasharasha tu. Mabwawa yakajaa nusu. Ikabidi tuwaeleze watu kwamba kila mtaa utafunguliwa maji kwa siku zake, ili yaliyopo yatufikishe masika. Hongera sikuzipata.

Jioni niliisoma barazani kwetu, Mji wa Kale, mama yangu akisikiliza. Jirani yetu muuza kahawa hakungoja nimalize.

"Juzi mvua imenyesha hapa hata barabara ya Makupa ikawa bahari. Nawe watwambia mvua haba?"

"Ami, ya hapa yateremka baharini. Ya bomba yatoka mbali, na huko haikunyesha ya kutosha."

Mama mvua haikumshughulisha. Macho yake yalikuwa kwenye mtungi. Tangu baba afariki, huweka kando ya mlango mtungi wa udongo uliofukizwa ubani, na kata ya kutekea juu yake. Mpita njia yeyote hunywa, thawabu zimfikie marehemu. Wachukuzi wa soko la Marikiti wanaujua mtungi ule kuliko wanavyonijua mimi.

Nilimwomba autoe mpaka masika. Aibu nayo ilinisukuma: mwandishi wa barua ya kubana maji, kwao maji yanagawiwa njiani!

"Hebu soma tena pale pa matumizi," akasema.

Nikasoma: kwanza kunywa na kupika, kisha usafi, mengine baadaye.

"Kunywa ni la ngapi?"

"La kwanza, Mama."

"Basi."

Alinishinda kwa kalamu yangu mwenyewe, na hasira zikanipanda, maana pipa letu nalijua udogo wake. Zamu yetu ilipofika, maji yalikuja kinyonge, kwani uchochoro wetu uko mwisho wa bomba. Ya mwanzo yalikuwa na tope, tukayaweka ya choo. Pipa halikujaa. Mtungi ulijaa.

Siku chache baadaye nilipanda darini, juu ya nyumba penye jua, kuanika kanzu, nikaiona asumini ya chunguni imenyauka, majani yamejikunja. Asumini ile baba aliipanda alipomwoa Mama. Mama huimwagilia kila asubuhi, hata akiwa na homa. Nikashuka kumuuliza.

"Asumini ni yetu, mimi na babako," akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Mtungi ni wa watu."

Nilimpenda mno saa ile. Kuanzia hapo nikawa naoga nimesimama ndani ya beseni, mtu mzima na cheo changu, kisha nayapandisha maji darini kwa ndoo.

Ua la kwanza lilipochanua, Mama alilinusa, akasema lanukia sabuni yangu, akalichomeka nyweleni.