Mwanamke Aliyeshikilia Bei ya Dola

Hebu mtazame akifika: mwanamke wa makamo, viatu bapa, mtandio begani, anaingia getini Benki Kuu huku akimchokoza mlinzi, "Wewe, umeamka au umesimama tu?" Akifika juu, kwenye chumba cha biashara ya fedha za kigeni, anatia simu yake ya mkononi katika kikapu cha plastiki kama sheria inavyotaka, kisha ananyanyua ya mezani.

Wenzake walimwita Nanga. Kwa miaka mingi dola ilikuwa na bei moja, si kwa sababu serikali ilitamka, bali kwa sababu yeye alikuwa tayari kuiuza kwa bei hiyo. Benki zikihitaji dola nyingi kuliko zilizomo sokoni, alichota kwenye akiba ya nchi. Dola zikiwa nyingi mno, alizinunua na kurudisha akiba. Ila tangu mazao ya nchi yaporomoke bei huko nje, hakukuwa tena na kurudisha. Ni kuchota tu, na kisima kina mwisho.

Asubuhi hiyo Gavana aliwaita wachache.

"Tuifunge sarafu yetu na dola kabisa," alisema mshauri, mzee wa tai nyembamba. "Kila noti yetu iwe na dola nyuma yake, kwa sheria. Nani atatujaribu?"

"Dola zipi, mzee?" mchumi akamrukia. "Hizo tunazoziuza? Na benki ikiyumba tuikopeshe nini, sala? Mazao yakishuka bei na sarafu haisogei, kitakachoshuka ni mishahara. Kisha kazi."

"Basi tuishushe kidogo kidogo," mshauri akasema.

"Kila mtu ataona ngazi inayofuata, akimbilie kununua dola kabla hatujaikanyaga."

Gavana akamgeukia Nanga. "Wewe ndiye unayewasikia kila siku. Sema."

Nanga alikunja mtandio magotini. "Wameshaanza kukimbilia. Riba tumepandisha hadi wafanyabiashara wanalia, na bado wananunua. Tukiiachia, ngano, mafuta na dawa vitapanda, na mwenye deni la dola atazama. Lakini wanaouza mazao nje watapumua, na akiba iliyobaki itabaki. Tungefanya hivi kisima kilipojaa, mheshimiwa. Kilipojaa hakuna aliyeona haja."

Ikaamuliwa: jioni, benki zikishafungwa, itatangazwa kwamba bei ya dola itapangwa na soko, na kazi ya Benki Kuu itakuwa kuzuia mfumuko wa bei. Hadi hapo, mdomo ni kufuli.

Anashuka ngazi, nani kakaa mapokezi? Mdogo wake, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ambaye siku hizi ana kiwanda kidogo cha kusaga ngano. Shati limepigwa pasi.

"Dada! Simu yako imekufa?"

"Iko kikapuni. Kuna nini?"

"Naenda kutia saini. Mkopo wa mashine mpya, wa dola. Riba nusu ya ile ya hapa. Na dola haiendi popote, si mmeifunga kama mbuzi?"

Nanga alipiga hesabu. Unga wake kijana anauuza kwa sarafu ya hapa. Deni atalipa kwa dola. Ushauri ulikuwa mwepesi: kopa kwa pesa unayouzia. Ulikuwa sahihi mwaka jana na mwaka juzi. Lakini hakuwahi kuutoa hata mezani kwao, maana neno kama hilo likitoka kinywani mwa Nanga, watu wangesema bei haitashika, na lingeivunja kabla ya wakati. Alinyamaza ili watu waamini. Ndugu yake ni mmoja wa walioamini. Na leo, akilitamka, atakuwa ameuza siri ya nchi.

"Dada, nitie saini, au?"

"Usiniulize mambo ya kazini."

Kijana akaangua kicheko. "Yaleyale! Hata nikikuuliza saa utaniambia ni siri ya serikali." Akamkumbatia, akanukia sabuni na unga. "Jumapili njoo uione mashine."

Jibu lile alikuwa amempa miaka yote, na miaka yote lilimaanisha kila kitu ni salama. Alimtazama akivuka barabara, ameinua mkono kuzuia magari, kama alivyomfundisha utotoni. Midomo ilifunguka. Mlango wa kioo ukajifunga.

Akarudi juu, akanyanyua simu, akauza dola kwa bei ileile, kwa sauti ileile.

Wako wasaga ngano wengine mjini waliotia saini siku hiyo, wasio na dada Benki Kuu. Ukiwakumbuka hao, unaona Nanga alitenda haki kutompa ndugu yake siri waliyonyimwa wao. Lakini Jumapili ikifika, naye amesimama mbele ya mashine ile ambayo deni lake limeshapanda, wewe ungekuwa yeye, ungemwambia nini mdogo wako?