Jumapili ya Kumi na Mbili

Mjomba alilitoa neno lake siku ya Idi, sahani za pilau zikiwa bado mkekani. Bibi yetu alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na nyumba yake ya vyumba vinne, huko ndani Yombo, ilikuwa ya kurithiwa na watoto wake wawili: mjomba, ambaye ndiye mkubwa, na mama yangu. Kwa sheria ya mirathi mjomba alipata mafungu mawili, mama moja. Nyumba ilikuwa imethaminiwa milioni ishirini na saba, kwa hiyo fungu la mjomba lilikuwa milioni kumi na nane.

"Mdogo wangu, mie sina shida na nyumba," alisema, huku anachokoa meno. "Unipe changu, ubaki nayo. Nakupa mpaka Idi kama hii mwakani. Ukishindwa, namleta mnunuzi."

Mama alishukuru. Alimshukuru kabisa, akamwongezea na nyama. Mimi roho haikutulia, ila mimi huwa situlii mbele ya mjomba, hivyo sikujiamini.

Mama ni mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa akatoka, akaachika akarudi, na cherehani yake ipo barazani mpaka vigae vya sakafu vimelika pale anapokanyagia. Hakuwa na milioni kumi na nane, lakini alikuwa na kikoba. Wanawake thelathini wa mtaa ule walikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wakafungua sanduku la chuma lenye makufuli matatu, wakanunua hisa. Hisa moja ilikuwa elfu hamsini. Hakuna aliyeruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano kwa mkutano mmoja, ili mwenye nazo asije akawameza wenzake, na hisa haikuhamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Mkopo mkubwa, ule wa hadi milioni kumi na nane, alipewa mwanachama ambaye akiba yake imezidi milioni sita. Kufika milioni sita hakukutosha. Ilibidi kuzidi, japo kwa hisa moja, na mwenyekiti alilikumbusha hilo kila mkutano kama anayesoma dua.

Mimi nafundisha hisabati sekondari huko Kimara. Usiku wa Idi ile mama alinisogezea kipande cha karatasi ya kukatia mitindo na chaki yake ya bluu, akaniambia, "Haya mwalimu, nipigie. Nina milioni tatu na laki mbili na nusu. Nikiweka hisa tano kila mkutano, mikutano mingapi?"

Niliandika jinsi ninavyowaandikia kidato cha pili. Milioni tatu na laki mbili na nusu, jumlisha laki mbili na nusu mara idadi ya mikutano, iwe kubwa kuliko milioni sita. Pengo lilikuwa milioni mbili na laki saba na nusu. Ukiligawanya kwa laki mbili na nusu unapata kumi na moja kamili.

"Kumi na moja," mama akasema kwa furaha.

"Hapana. Zaidi ya kumi na moja. Kumi na moja inakupa milioni sita kamili, haizidi. Sanduku halikufungukii."

"Basi kumi na moja na siku mbili tatu."

Hapo nikapandisha sauti, maana ndilo kosa linalonichosha darasani mwaka mzima. Akiba ya kikoba haitembei, inaruka. Jumapili ya kwanza inaruka laki mbili na nusu, kisha inakaa palepale mwezi mzima, hata ungeikodolea macho. Hakuna kumi na moja na kidogo. Baada ya kumi na moja ni kumi na mbili.

"Usinigombeze, mie si mwanafunzi wako," alisema. Kisha akakunja vidole vyake mara mbili. "Idi hadi Idi ni miezi kumi na miwili. Mikutano kumi na miwili. Imetosha, Alhamdulillahi."

Mkutano wa mwezi wa nne ulikuwa umeshapita, Jumapili iliyotangulia Idi. Wa kwanza katika hesabu yetu ungekuwa wa mwezi wa tano, na wa kumi na mbili ungeangukia mwezi wa nne mwingine. Ilikaa sawa kabisa. Tukalala.

Mwaka ule mama alishona mpaka macho yakawa mekundu. Laki mbili na nusu kwa mwezi si mchezo kwa mshonaji. Nami nilichangia nilichoweza. Hakukosa mkutano hata mmoja. Lakini kila alipoongeza hisa zake, kuna mtu alipita. Mwezi wa sita alikuja dalali, akasimama ng'ambo ya barabara, akatazama paa bila kusalimia. Mwezi wa nane alirudi na mwanamume mnene aliyevaa viatu vyeupe. Yule mtu aligonga ukuta wa chumba cha bibi kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasikiliza, kama anayechagua tikiti maji. Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani palepale. Hakuulizwa lolote.

"Wanatazama tu," aliniambia. "Kutazama si kununua."

Mwezi wa kumi na moja, akiwa ameshamaliza mikutano saba, tuliletewa shuleni ratiba ya mwaka unaofuata. Nilikuwa natafuta likizo. Nikaona sikukuu ya Idi imeandikwa mwisho wa mwezi wa tatu, kulingana na kuandama kwa mwezi. Nikasoma tena. Nikaanza kuhesabu Jumapili za kwanza kwa vidole, wenzangu wakitoka kwenda vipindini.

Jambo lenyewe kila Muislamu wa pwani analijua tangu utotoni: Idi haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Mama amefunga Ramadhani za joto na Ramadhani za masika, anajua. Lakini kikoba kilikuwa kimemfundisha kuhesabu miezi kwa Jumapili za kwanza, na mjomba alikuwa amempa muda kwa mwezi wa angani, na mama akazichukua hesabu mbili akazifunga fundo moja. Mpaka Idi ile kungekuwa na mikutano kumi na moja. Wa kumi na mbili ungefanyika siku sita baadaye.

Nilimwambia akiwa kwenye cherehani. Alikata uzi kwa meno, akaugeuza upande wa pili wa kola, akaendelea kushona. Baadaye sana akauliza, "Milioni sita kamili?"

"Kamili."

"Na siwezi kuweka hisa sita, mara moja tu?"

Alikuwa anajua jibu kuliko mimi. Alikwenda hata hivyo kwa mwenyekiti, akaomba mkutano wa mwezi wa nne ufanywe wiki moja kabla. Mwenyekiti, mama wa watu, alimshika mkono akalia, kisha akakataa. Mwaka uliopita walikuwa wamemkatalia mwanachama aliyekuwa na mgonjwa hospitali. Wangemtazama vipi?

Basi tukaenda Boko kwa mjomba. Nilimpa shikamoo, akaipokea bila kunitazama. Mama aliketi kwenye ncha ya kochi na mkoba wake magotini.

"Kaka, ni siku sita tu," alisema. "Jumapili ya kwanza baada ya Idi nakuletea hela yako yote."

"Mdogo wangu, nilisema Idi. Nikikupa sita leo, kesho utataka sitini."

"Nilidhani itakuwa mwezi wa nne, kama ile."

Mjomba akatabasamu. Tabasamu lile linanichoma mpaka leo. "Idi ijayo haiingii mwezi wa nne. Hesabu ya mwezi mie naijua toka chuo cha Kurani, kabla wewe hujaota meno. Nilijua siku ileile niliyokwambia."

Nilimjibu maneno ambayo mtu hamjibu mjomba wake. Mama akanivuta mkono, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba pale pale, na nyumba inamponyoka, alikuwa anaomba radhi.

Ramadhani ikaingia. Mkutano wa kumi na moja ulifanyika mwanzoni mwake. Katibu akasoma, "Milioni sita," na mama akarudi nyumbani kufuturu. Toka siku hiyo hakukuwa na la kufanya. Hilo sikulizoea. Nimezoea kwamba ukiona kosa unalisahihisha. Kumbe unaweza kuliona linakuja kwa mwezi mzima, unaijua siku litakayofika, na ukabaki unakaanga sambusa. Yule wa viatu vyeupe alileta vijana wakapima uwanja kwa kamba, wakachomeka vijiti vinne vyenye vitambaa vyekundu. Kuku wa mama walivikwepa kwa siku moja, halafu wakazoea.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa mama alitoka nje kuutazama mwezi. Maisha yake yote amekuwa wa kwanza kuuona na kupiga vigelegele. Safari hii alisimama katikati ya vile vijiti, mikono kifuani, midomo ikicheza, na nikajua anaomba usionekane. Siku moja isingetusaidia chochote. Tungebakiwa na tano. Watoto wa jirani wakapiga kelele, wakanyoosha vidole, na mama akarudi ndani bila kuinua uso.

Mjomba alikuja baada ya swala ya Idi, na kanzu yake mpya, na mnunuzi nyuma yake. Walikula pilau ya mama. Hela zilihesabiwa juu ya meza ya bibi, mama akasukumiwa milioni zake tisa, akaambiwa ana mpaka mwisho wa mwezi wa nne kutoa vitu.

Jumapili nilimkuta amevaa kanga za kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye kikoba. Ni mkutano wa kumi na mbili."

Nilikwenda naye, maana sikuthubutu kumwacha. Funguo tatu zikaja, sanduku likafunguliwa. Mama aliweka hisa tano, noti zilizonyooshwa vizuri. Katibu siku hiyo alikuwa mwingine, ndiyo kwanza amerudi kutoka uzazi, hakujua habari za mtaani. Akajumlisha, akasimama.

"Mama zetu, milioni sita na laki mbili na nusu! Amevuka!"

Mtu anapovuka, wao hupiga makofi matatu. Walipiga, wengi wao wakitazama chini.

"Ombi la mkopo mkubwa unalo leo, mama?" katibu akauliza, kalamu tayari.

Mama alinigeukia mimi. "Mwalimu," alisema, "si imezidi?"

"Imezidi, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika na jibu. Kisha akamwambia katibu aandike kwamba hana ombi.