Siku Nilipoambiwa Ninakopesheka

Nakumbuka vizuri siku ile, hata gauni nililovaa nalikumbuka, maana lilikuwa jipya na lilinibana kwapani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Hombolo, sijafika miaka thelathini, nina sauti ya kuamrisha watoto mia na akili ya mtoto mmoja. Nilikuja mjini Dodoma, nikaingia benki, nikampa binti wa dirishani hati yangu ya mshahara. Akaitazama, akabonyeza mashine yake, kisha akanitabasamia utadhani nimejifungua salama. "Hongera, mwalimu," akasema. "Unakopesheka!"

Mwanangu, nilitoka pale natembea kama bibi harusi. Unakopesheka! Shangazi yako huyu hajawahi kushinda hata mbio za magunia, leo kapewa sifa na benki nzima. Ninakueleza haya kwa sababu wewe, Tabitha, ulinipigia simu juzi kwa furaha ileile. Ajira yako haijamaliza miezi mitatu, na tayari simu imekuandikia kuwa unakopesheka. Nilicheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau. Nilikuwa nalicheka lile gauni langu.

Nilikopa milioni moja. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa laki moja na themanini elfu. Riba ilikuwa kumi na nane kwa mia kwa mwaka, kwa miaka miwili, na nikiona namba kumi na nane nilidhani ni ndogo. Kabla sijashika chochote wakakata ada ya mkopo na bima, nikapewa laki tisa na sabini. Nikanunua seti ya makochi mekundu, yale yenye vitambaa vya kudarizi, nikayapakia kwenye gari la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Hombolo nzima ilitoka kuyatazama. Wageni wakija niliwasimamia wasikalie sana.

Sasa sikia hesabu ilivyokwenda. Riba ya miaka miwili ni laki tatu na sitini elfu, kwa hiyo nilitakiwa kurudisha milioni moja laki tatu na sitini. Kila mwezi elfu hamsini na sita na ushee zilikatwa kazini, juu kwa juu, kabla mshahara haujanifikia. Mimi nilisifu sana utaratibu huo. Nilisema: raha ilioje, nalipa bila kusikia maumivu! Aliyebuni makato alijua anachofanya, mwanangu, maana fedha usiyoishika huililii.

Mwaka ulipokwisha nikapigiwa simu. "Mwalimu, umekuwa mteja mzuri, unaweza kuongezewa." Nikaongezewa. Mkopo mpya milioni moja na laki mbili, lakini ndani yake wakajilipa kwanza laki tano zilizobaki za ule wa zamani, wakakata ada na bima tena, mkononi nikapata laki sita na sitini na nne. Miaka miwili ikaanza upya kutoka mwezi wa kwanza. Makato yakapanda hadi elfu sitini na nane. Nilikuwa nusu ya safari, nikarudishwa kituoni nikishangilia.

Ukijumlisha na makato mengine ya kodi na mafao, mkononi zilikuwa zinabaki elfu themanini na kidogo. Hapo mama yenu mkubwa akaugua, mahindi yakapanda bei, na sare za watoto wa nyumbani zikachanika zote kwa wiki moja, kana kwamba zimeahidiana. Benki ikasema basi, sheria inataka makato yasikuachie chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, na wewe umeikaribia. Ndipo wenzangu wakanipeleka kwa kijana mmoja mjini tuliyemwita Bwana Kadi.

Bwana Kadi hakuwa na ofisi wala hati. Alikuwa na mfuko wa shati uliojaa kadi za benki za walimu, zimefungwa kwa mpira. Unampa kadi yako na namba ya siri, anakupa elfu hamsini, mwisho wa mwezi anatoa elfu sitini na tano kwenye akaunti yako mwenyewe, anakurudishia chenji. Theluthi ambayo sheria iliilinda, yeye aliifuata mlango wa nyuma, maana mkopo wake hauonekani kwenye hati yoyote. Nikawa nabaki na elfu kumi na saba na ushee. Je, mtu anaishi mwezi kwa elfu kumi na saba? Haishi. Kwa hiyo siku ileile ninakopa elfu hamsini nyingine, na kadi hairudi.

Sasa jambo linalonichekesha na kuniumiza hadi leo. Mwisho wa mwezi tulipanga mstari nje ya mashine ya fedha, watu wazima na vyeti vyetu, tukisubiri chenji ya jasho letu. Bwana Kadi alikuwa na miaka kama ishirini na mbili; nilimzidi, na wengine pale wangeweza kumzaa. Lakini alipofika, mstari mzima ulimwamkia: "Shikamoo!" Naye akajibu "Marahaba" bila kupepesa. Nami niliitoa, mwanangu. Niliitoa kwa sauti safi ya darasani.

Mwezi wa sita wa mzunguko huo Bwana Kadi akaniambia kwa upole: "Mwalimu, unahangaika bure. Niandikie rehani lile shamba lenu la zabibu, nikupe laki tatu upumue." Lilikuwa robo ekari aliyoniachia baba, zabibu alizopanda kwa mkono wake, zinazotupa mavuno mara mbili kwa mwaka. Nilikubali! Karatasi ilihitaji sahihi ya mkubwa wa ukoo, basi nikaenda kwa baba mkubwa Masima, kaka yake baba, mfugaji asiyejua kusoma ila anayejua kila ng'ombe wake na bibi yake.

"Mbukwenyi, baba," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Karatasi hiyo inasemaje?"

Nikamweleza yote, kwanza kwa kujigamba. Nikamwambia kwamba mimi si mtu wa hivi hivi, benki yenyewe ilisema ninakopesheka.

"Unakope-nini?"

"Ninakopesheka. Yaani naweza kukopeshwa."

Akalitafuna lile neno kama mtu anayeonja tumbaku. Kisha akanionyesha kwa fimbo ng'ombe wake mmoja mwekundu. "Yule naye anakamulika," akasema. "Sijawahi kumsikia akijisifu."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Naye hakucheka. Akauliza habari ya riba. Nilipofika pale pa mwaka wa kwanza, akanizuia. "Ngoja. Nusu umesharudisha, na riba bado wanaihesabu juu ya milioni nzima?" Nikasema ndiyo, riba ya mkopo wote, tangu mwanzo hadi mwisho. "Basi nikikuwekea ng'ombe kumi, ukanirudishia watano, niendelee kudai maziwa ya kumi?" Mwanangu, nina cheti cha ualimu na hesabu ninafundisha, na sikuwa nimeliona hilo. Ile kumi na nane kwa mia, kwa fedha niliyokuwa nayo kweli mkononi, ilikuwa inakaribia mara mbili yake.

Nikamwambia kwa kujitetea kuwa angalau benki ina huruma, inaacha theluthi. Hapo ndipo akasema neno lililonikalia hadi leo.

"Mkamuaji mwenye akili humwachia ndama chuchu moja. Si kwa huruma. Ndama akifa, kesho atakamua nini? Theluthi hiyo ni ya ndama, mwanangu. Wewe umemwita mtu mwingine aje aikamue hiyo nayo, na leo umeniletea karatasi nimuuze ng'ombe mwenyewe."

Sahihi hakuweka. Akaikunja karatasi, akaitia chini ya kigoda, akakaa juu yake. Akaniambia dawa ya deni ni kulipa, na kwamba makochi hayali nyasi, niyauze. Nililia, maana niliyapenda. Yalinunuliwa na mpishi wa chuo kwa chini ya nusu ya bei. Nikamlipa Bwana Kadi sitini na tano yake, nikachukua kadi, nikaenda moja kwa moja kubadilisha namba ya siri. Siku hiyo nilimwamkia "Habari yako, mdogo wangu?" Akashtuka. Fedha iliyobaki ya makochi tulinunulia unga wa ugali hadi mavuno ya zabibu, na mavuno yakatuvusha. Benki walinipigia mara tatu kuniongezea, nikawajibu nimeshiba. Miezi ishirini na nne ikaisha yote. Ile hati ya mshahara iliyokuja bila makato ya mkopo niliichezea ngoma ofisini kwa walimu, mwalimu mkuu akadhani nimepandishwa daraja.

Sisemi mkopo ni shetani. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini kuna harusi za lazima: mbegu, mtoto hospitalini, chombo cha kazi kinachojilipa chenyewe. Ninalokuomba ni uone mkopo unakuja kuziba nini. Mshahara wangu haukutosha, na badala ya kumdai aliyenilipa kidogo, nilikwenda kwa anayekopesha. Yule akapumua, huyu akafaidi, nami nikanyamaza. Mwalimu mkuu alipotunyima posho zetu sikufungua mdomo, kwa sababu mwenye makato haombi uhamisho wala hagombani na kazi. Mwezi wangu uliuzwa kabla haujaandama. Na jua pia kwamba mkopeshaji hapati kitu kwa aliyemaliza deni, ndiyo maana siku unapokaribia kumaliza ndipo anapokupongeza.

Siku hizi hata Bwana Kadi hana haja ya mfuko wa shati. Simu inakata ada leo, inakata riba kesho, na mshahara ukiingia inajichukulia yenyewe kabla hujasoma ujumbe. Kwa hiyo kabla hujakubali, Tabitha, uliza mkononi nitapata ngapi, jumla nitarudisha ngapi, na riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya lote. Usiongezewe kabla hujamaliza. Kadi yako na namba yako usimpe mtu, hata akiwa mzuri wa sura. Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa hapa Ipagala kinakutana Jumamosi. Pale riba inarudi kwetu wenyewe. Njoo na elfu tano na masikio.

Nakuombea, mwanangu, Mungu abariki kazi ya mikono yako, mshahara wako ukufikie ukiwa mzima, na shikamoo yako uwape waliokuzidi umri tu. Na simu ikikuandikia tena kwamba unakopesheka, ijibu kwa adabu: asante, lakini nina ndama.